Kumwomba Mteja Mpya Malipo ya Awali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mafundi wa Milango Bagamoyo

Majibu yaliyo hapa yanahusu kazi moja, nayo ni mlango wa nakshi unaotengenezwa kwa oda ya mteja ambaye karakana haijawahi kufanya naye kazi. Fundi wa makabati au wa vitanda anaweza kuyatumia pia, lakini mlango wa nakshi ndio unaoonyesha shida yote kwa uwazi, kwa sababu hutengenezwa kwa vipimo vya nyumba moja na kwa mapambo aliyoyachagua mtu mmoja. Bei zilizotajwa ni za mfano tu, na kila karakana iweke za kwake.

Kwa nini mteja mpya aombwe malipo ya awali, ilhali mteja wa zamani mara nyingine haombwi?

Sababu ya msingi ni kwamba fundi hutoa fedha nyingi kabla mteja hajaona kitu chochote. Mbao za mkongo au mninga hununuliwa kwa fedha taslimu, gari hulipwa siku hiyo hiyo, mashine ya kuranda hulipwa kabla mbao hazijatoka uani, na mchongaji naye haanzi kazi bila kupewa chochote. Mteja wa zamani tayari ameonyesha kwamba hulipa, hivyo karakana inaweza kumkopesha sehemu ya gharama hizo ikiwa inao uwezo. Mteja mpya bado hajaonyesha hivyo, na fundi anayeanza kazi yake bila malipo ya awali anakuwa amempa mkopo mtu asiyemjua, bila dhamana na bila tarehe ya kulipwa.

Sababu ya pili ni ya kazi yenyewe. Mlango uliopimwa kwa ajili ya nafasi ya ukutani iliyoachwa na mwashi wa Kiromo hauingii kwa urahisi katika nyumba ya Zinga, na nakshi yenye herufi za jina la familia haiuziki kwa familia nyingine. Kiti cha kawaida kikiachwa na aliyekiagiza kinaweza kuwekwa barabarani kikanunuliwa na mpita njia, lakini mlango wa aina hii unaweza kuegemea ukuta wa karakana mwaka mzima.

Kiasi cha malipo ya awali kinapatikanaje?

Mafundi wengi husema "nusu" kwa mazoea, na mara nyingi nusu huwa karibu na kweli, lakini fundi akiulizwa kwa nini si theluthi hukosa jibu. Njia iliyo salama ni kuandika gharama zote za kazi kwa mpangilio wa siku zitakapotoka, kisha kujumlisha zile zitakazotoka kabla mteja hajafika karakana kuona kazi. Jumla hiyo ndiyo malipo ya awali, na asilimia hufuata baadaye.

Tuchukue mlango mkubwa wa mbele unaofunguka pande mbili, wa mkongo, pamoja na fremu yake, mfaa wa katikati wenye nakshi na ubao wa juu uliochongwa. Karakana imekadiria kazi nzima kuwa shilingi 3,000,000, na ndani ya kiasi hicho hesabu iko hivi: mbao shilingi 1,150,000, usafiri wa mbao 120,000, mashine ya kupasua na kuranda 80,000, ujira wa mchongaji 450,000, ujira wa seremala na msaidizi wake 350,000, bawaba na kitasa 150,000, msasa na vanishi 100,000, na kuupeleka mlango hadi kwenye nyumba na kuufunga 100,000. Jumla ya gharama hizo ni 2,500,000. Zinazobaki 500,000 ndizo za pango la karakana, umeme, uchakavu wa vifaa na faida.

Sasa tuangalie zinazotoka mwanzo. Mbao, usafiri na mashine ni 1,350,000. Mchongaji ataomba 150,000 ya kuanzia, na hapo jumla inafika 1,500,000. Hiyo ndiyo fedha itakayokuwa imetoka kabla hakujawa na cha kumwonyesha mteja, na katika kazi hii imeangukia kuwa nusu kamili ya bei.

Hesabu isiishie hapo, kwa sababu malipo ya awali yanaeleweka vizuri pale tu yanapowekwa pamoja na malipo yanayofuata. Mlango ukishachongwa na kuunganishwa lakini haujapakwa vanishi, karakana itakuwa imetumia 2,150,000 na kupokea 1,500,000, yaani fundi amebeba 650,000 kwa fedha yake mwenyewe. Huo ndio wakati wa kumwita mteja aje auone mlango, akague maungio na nakshi, kisha alipe sehemu ya pili ya 900,000. Mteja akitaka kurekebisha jambo, afadhali aseme kabla ya vanishi kuliko baada yake. Sehemu ya mwisho ya 600,000 hulipwa mlango ukishafungwa na kufunguka vizuri. Ukitazama kwa makini utaona kwamba faida yote ya karakana imo katika sehemu hiyo ya mwisho, na jambo hilo lina maana kubwa katika mazungumzo na mteja, kama itakavyoelezwa mbele.

Je, si salama zaidi kuomba asilimia 70 au 80?

Kwa fundi inaonekana salama, lakini kwa kazi ya mfano huu haina maelezo. Fundi anayeomba 2,400,000 mwanzoni wakati gharama za kuanzia ni 1,500,000 anamwomba mteja amkabidhi 900,000 ambazo hazina kazi ya kufanya kwa wiki kadhaa. Fedha isiyo na kazi ndani ya karakana haikai. Italipa deni la duka la vifaa, au itamaliza mlango wa mteja mwingine aliyetangulia, na siku ya kununua bawaba za mlango huu itabidi asubiriwe mteja mpya mwingine alete advansi yake. Karakana nyingi zinazosifika kwa kuchelewesha kazi hazina mafundi wabaya, bali zimezoea kumaliza kazi ya jana kwa fedha ya kazi ya leo. Dalili yake huonekana mapema: fundi amepokea advansi wiki mbili zilizopita, na mbao za mteja huyo bado hazijaingia uani.

Ipo hali moja ambapo kiasi kikubwa kina haki, nayo ni pale mteja anapotaka kitu cha gharama kutoka nje ya karakana, kwa mfano misumari ya shaba ya mapambo au kitasa maalumu cha kuagiza. Kiasi cha kitu hicho huongezwa juu ya malipo ya awali na kuandikwa peke yake, ili mteja asidhani kwamba asilimia imepanda bila sababu.

Nimtajie mteja lini, na niseme nini hasa?

Malipo ya awali yatajwe pamoja na bei, katika karatasi au ujumbe uleule. Fundi anayetaja bei leo, akakubaliwa, akapeana mkono na mteja, kisha kesho akapiga simu kusema kwamba kuna advansi, anamfanya mteja ahisi kwamba masharti yamebadilika baada ya makubaliano. Hata kama kiasi ni cha haki, namna kilivyokuja imeshakiharibu.

Maelezo yawe mafupi na yataje shilingi kabla ya asilimia. Ujumbe ufuatao umeandikwa kwa mteja aliyepimiwa nyumba yake, nao unaweza kubadilishwa kulingana na kazi:

"Shikamoo mama. Nashukuru kwa kutupokea jana. Bei ya mlango wa mkongo tuliouzungumza, pamoja na fremu, nakshi, vanishi na kuufunga, ni shilingi 3,000,000. Ili tuanze kazi tunaomba malipo ya awali ya shilingi 1,500,000. Kiasi hicho kitanunua mbao, kitalipa usafiri na mashine, na kumwanzishia mchongaji kazi. Mlango ukishachongwa, kabla ya kupakwa vanishi, tutakuita uje uukague, na ukiridhika utalipa shilingi 900,000. Shilingi 600,000 zinazobaki utalipa siku tutakapoufunga nyumbani kwako. Bei hii itadumu kwa siku 7 kuanzia leo, kwa sababu bei ya mbao hubadilika. Kazi itachukua wiki 6 tangu siku tutakapopokea malipo ya awali."

Ujumbe huo hauombi radhi popote, na hausemi kwamba "siku hizi wateja si waaminifu". Maneno ya namna hiyo humweka mteja mwema katika kundi la wadanganyifu kabla hajafanya lolote. Sababu inayotosha ni mbao, gari, mashine na mchongaji.

Mteja ni mtu mzima ninayemheshimu, au ameletwa na jamaa yangu. Naona muhali kumwomba fedha mbele. Nifanyeje?

Muhali ndio unaowaponza mafundi wengi wa pwani kuliko ujanja wa wateja. Fundi huona haya kutaja fedha mbele ya mzee, huanza kazi kwa kukopa mbao, na baada ya miezi miwili analazimika kumdai mzee huyo huyo kila Ijumaa, jambo ambalo ni zito zaidi kuliko lile aliloliepuka. Heshima haipotei kwa kutaja malipo ya awali, ila kwa namna yanavyotajwa, na ndiyo sababu ya kuyaweka katika maandishi. Fundi anayeona ulimi mzito anaweza kusema, "Mzee, nitakuletea karatasi ya makadirio kesho, imeandikwa kila kitu," na karatasi ikafanya kazi iliyobaki.

Ikiwa aliyemleta mteja ni jamaa yako, mwambie jamaa huyo utaratibu wa karakana kabla hamjakutana. Mara nyingi yeye mwenyewe atamweleza mwenzake, na wewe utakuta mteja amekuja akiwa amejiandaa. Jambo la kujihadhari nalo ni jamaa kupokea advansi kwa niaba yako. Fedha ipokelewe na karakana, hata kama aliyemleta mteja ni kaka yako wa tumbo moja.

Mteja amesema, "Nitajuaje kwamba hutakimbia na fedha yangu?"

Ni swali la haki, na fundi asilichukulie kama tusi. Mteja mpya naye hamjui fundi, na wapo watu waliokwisha kupoteza fedha kwa njia hiyo. Jibu zuri si kuapa, bali ni kumweleza mpangilio wa malipo na kumpa njia ya kuhakikisha.

Mweleze kwamba katika hesabu hii fundi hapati faida yoyote kutoka kwenye malipo ya awali, kwa sababu yote yanakwisha kwenye mbao, gari, mashine na mchongaji, na kwamba kufikia siku ya ukaguzi karakana itakuwa imeweka fedha yake yenyewe juu ya ile ya mteja. Fundi anayekimbia katika hatua hiyo anaiacha faida yake nyuma. Kisha mwambie aje aone mbao zikishuka, au kama anaishi Dar es Salaam, mtumie picha mbao zikiwa zimeandikwa jina lake kwa chaki, pamoja na picha ya stakabadhi ya muuzaji. Mbao za misitu ya asili zinazosafirishwa kihalali huwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na mteja makini anaweza kuuliza kama muuzaji anayo. Ni vizuri fundi aulize kwanza kabla hajaulizwa, kwani mbao zikikamatwa njiani advansi ya mteja imekamatwa nazo.

Mteja akitaka njia nyingine zaidi, yupo anayependa kwenda na fundi hadi kwa muuzaji wa mbao na kulipa pale pale mwenyewe. Ikubali. Malipo ya awali yatapungua hadi 350,000 za usafiri, mashine na mchongaji, na fundi hajapoteza kitu, mradi uchaguzi wa mbao ubaki mikononi mwake. Mteja akichagua ubao wenye ufa kwa sababu ni wa bei nafuu, iandikwe kwamba uchaguzi ni wake.

Mteja anataka kulipa 500,000 tu ili "tuanze taratibu". Nikubali?

Kwa mlango huu, 500,000 haitoshi hata nusu ya mbao. Kuanza nayo maana yake ni kununua mbao za fremu peke yake, kisha kusubiri. Mbao za awamu ya pili zinaweza kutoka kwenye gogo jingine lenye rangi tofauti, au zikaja zikiwa mbichi wakati za kwanza zimeshakauka. Ubao mbichi ukiunganishwa na uliokauka, ule mbichi utasinyaa baada ya mlango kufungwa, na maungio yataachia. Katika mji ulio ufukweni kama Bagamoyo, ambako hewa ya bahari ina unyevu, mbao zinahitaji kupangwa kivulini zikiwa na vijiti katikati kwa muda kabla ya kuchongwa, na ni bora zikae pamoja.

Kinachoweza kupunguzwa ni kazi, si malipo ya awali ya kazi ileile. Mpe mteja chaguo lililo wazi: fremu yenye nakshi na mlango wa kawaida, au mti wa bei nafuu zaidi, au aanze na fremu peke yake kama oda kamili yenye bei yake, malipo yake ya awali na mwisho wake. Mteja akikataa yote, 500,000 isipokelewe. Kupokea kiasi kisichotosha humfunga fundi kwa ahadi ambayo hana uwezo wa kuitimiza.

Mteja ametuma fedha kwa simu. Nithibitishe vipi?

Usithibitishe kwa kusoma ujumbe mfupi peke yake, na usithibitishe kamwe kwa picha ya ujumbe aliokutumia mteja. Jumbe za uongo zinazofanana na za mtandao wa simu ni za kawaida. Fungua akaunti yako mwenyewe na utazame salio. Kwa M-Pesa ni `*150*00#`, na mitandao mingine ina namba zake. Kama karakana ina Lipa Namba, mwambie mteja jina litakalojitokeza kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri, ili akiona jina jingine asitume. Ikiwa jina hilo ni la mke wako au la mwenye karakana, liandike kwenye makadirio, kwani mteja mpya akikutana na jina asilolijua ana haki ya kusita.

Wapo pia wanaotuma fedha zaidi ya kiasi kilichoombwa, kisha wakapiga simu wakiomba ziada irudishwe haraka kwa namba nyingine. Ziada irudishwe kwa namba ileile iliyotuma, na baada ya kuhakikisha kwamba fedha ipo kwenye salio.

Nimpe karatasi gani baada ya kupokea?

Stakabadhi iliyoandikwa tarehe, jina la mteja, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kazi inayolipiwa, na kiasi kinachobaki. Neno "advansi" peke yake halitoshi, kwa kuwa baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka ilikuwa advansi ya mlango upi. Karakana yenye mashine ya EFD itoe risiti kwa fedha iliyopokelewa bila kusubiri kazi iishe. Iliyosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani ikumbuke kwamba kodi hiyo huhesabiwa tangu fedha inapopokelewa au ankara inapotolewa, lolote likitangulia, hivyo malipo ya awali nayo yanaingia katika hesabu ya mwezi huo.

Mteja ni mgeni kutoka nje na anataka kulipa advansi kwa dola.

Makadirio yaandikwe kwa shilingi na malipo yapokelewe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutaja bei na kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mgeni abadilishe fedha zake benki au katika duka la fedha lenye leseni. Mbali na sheria, kuna faida ya kihesabu, kwani mbao zinanunuliwa kwa shilingi na advansi ya shilingi haibadiliki thamani kati ya Mtaa wa India na kwa muuzaji wa mbao.

Siku za kazi zihesabiwe kuanzia lini?

Kuanzia siku malipo ya awali yote yalipoonekana kwenye salio au yalipopokelewa mkononi. Mteja aliyepewa ahadi ya wiki 6 siku ya kupimiwa, kisha akalipa baada ya wiki 3, atarudi baada ya wiki 3 nyingine akitaka mlango wake, na kwa hesabu yake hajakosea.

Mteja akighairi, advansi inarudi?

Inategemea kazi imefika wapi, na hili liandikwe tangu mwanzo. Maneno "advansi hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani hayampi fundi haki ya kubaki na kila kitu. Katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anayevunja makubaliano hudaiwa fidia ya hasara aliyoisababisha, na hata pale kiasi cha kulipwa kilipotajwa kwenye mkataba, Mahakama hutazama fidia iliyo ya haki. Kwa hiyo fundi ajiandae kuonyesha hasara yake kwa stakabadhi.

Turudi kwenye mlango wetu. Mteja akighairi kabla mbao hazijanunuliwa, arudishiwe 1,500,000 zote. Fundi anaweza kusikitika kwa muda alioutumia kupima, lakini gharama hiyo ni ya biashara yake, isipokuwa kama waliandikiana ada ya upimaji.

Akighairi baada ya mbao kununuliwa, kupasuliwa na kurandwa, lakini nakshi haijaanza, hesabu inabadilika. Mbao bado zina matumizi, ila zimekatwa kwa urefu wa mlango huu, na tuseme karakana inaweza kuzitumia katika kazi nyingine kwa thamani ya 900,000. Hasara ya mbao ni 250,000. Usafiri wa 120,000 na mashine ya 80,000 haziwezi kurudi. Mchongaji hajaanza, hivyo 150,000 zake zinarudi. Hasara yote ni 450,000, na mteja anastahili kurudishiwa 1,050,000. Tatizo ni kwamba fedha hiyo sasa imekuwa mbao, na kwa sababu hiyo makadirio yaseme kwamba marejesho yatafanyika ndani ya muda fulani, kwa mfano siku 30, ili fundi apate nafasi ya kuziuza au kuzitumia.

Akighairi nakshi ikiwa imekamilika, hasa yenye jina au alama ya familia, hakuna cha kurudisha, na kwa kweli bado anadaiwa, kwa kuwa gharama zimeshapita malipo ya awali. Fundi mwenye busara hapo humpa mteja nafasi ya kuuchukua mlango kama ulivyo kwa kulipa gharama zilizofikiwa, kwani mlango huo una thamani kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Na fundi naye akighairi, au akashindwa kazi, arudishe yote. Asikate usafiri wala mashine. Kipengele hiki kikiandikwa kwenye makadirio pamoja na vile vya juu, mteja husaini bila kusitasita, maana anaona kwamba masharti hayaegemei upande mmoja.

Mteja ana mbao zake mwenyewe. Bado niombe malipo ya awali?

Ndiyo, lakini madogo: mashine, ujira wa kuanzia wa mchongaji, na pengine ujira wa wiki ya kwanza wa seremala. Kabla ya kupokea mbao hizo zikague pamoja naye na uandike idadi, urefu na hali yake. Mbao za mteja zikigundulika zimeoza katikati baada ya kupasuliwa, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua nani ananunua nyingine.

Hoteli au taasisi inasema utaratibu wake ni kulipa baada ya kupokea mzigo.

Taasisi nyingi zina utaratibu huo na fundi mmoja hataubadilisha. Omba hati ya ununuzi iliyosainiwa, uliza malipo huchukua siku ngapi baada ya kupokea mzigo, kisha jiulize kama karakana inaweza kuishi bila 2,500,000 kwa muda huo wote. Kama haiwezi, omba kazi igawanywe, mlango mmoja ulipwe kabla ya mwingine kuanza, au iache kazi hiyo ipite.

Mteja amelipa malipo ya awali, mlango uko tayari kwa ukaguzi, lakini hapokei simu.

Usipake vanishi na usinunue bawaba. Kazi isimame pale pale ilipofika, kwa sababu kila shilingi unayoiongeza kabla ya sehemu ya pili kulipwa ni yako. Mtumie ujumbe wenye picha ya mlango, tarehe, na kiasi kinachosubiriwa, na uutunze. Mlango uhifadhiwe mahali pakavu, uegeshwe ukiwa umesimama na umefungwa ubao wa mshazari ili usipinde, kwani ukipinda ukiwa mikononi mwako lawama itakuwa yako. Baada ya siku zilizotajwa kwenye makadirio, andika barua inayoeleza kwamba karakana itatafuta mnunuzi mwingine na kumrejeshea mteja kile kitakachozidi hasara, kisha mpelekee kwa mkono wa mtu atakayesaini kwamba imefika, au kwa mwenyekiti wa mtaa anakojenga. Mara nyingi, barua hiyo ikifika kwa mwenyekiti, simu hupigwa jioni ileile. Isipopigwa, karatasi ya makadirio, stakabadhi ya malipo ya awali, stakabadhi za mbao na jumbe hizo ndivyo vitakavyohitajika kama dai litafika Mahakama ya Mwanzo, na visikae kwenye simu peke yake.